Kwa nini simu haikulia? Arifa za malipo, ruhusa tunayoomba, na kosa tulilofanya

Jumamosi moja jioni, mama mwenye duka hapa Mumbuni, Machakos, alimpimia mteja mchele kilo tano na sukari kilo mbili, akamwongezea mafuta ya kupikia lita tatu. Jumla ilikuwa shilingi 2,140. Mteja akabonyeza simu yake, akageuza skrini upande wa kaunta na kusema, "Mwaitu, imeenda." Mama akaona rangi ya kijani, akaona nambari yake ya tili, akaona 2,140. Nyuma ya yule mteja watu walikuwa wanangoja. Akampa mfuko wake, akaenda. Usiku alipofunga hesabu, hiyo pesa haikuwepo. Haikuwahi kutumwa.

Tulipomtembelea wiki iliyofuata tulidhani mazungumzo yatakuwa ya matapeli tu. Tukaomba kuona simu yake, na hapo tukakuta jambo lililotuuma zaidi. Arifa zote za apu yetu zilikuwa zimezimwa. Kwa karibu mwezi mzima simu yake haikuwa inalia pesa ikiingia, kwa hivyo alikuwa amezoea kutazama simu ya mteja badala ya yake. Tukamuuliza kama simu ina shida. "Haina shida," akasema. "Nilizizima mwenyewe. Mlikuwa mnanisumbua, wanangu."

Hatukuwa na la kujibu siku hiyo. Tulirudi ofisini tukahesabu kile tulichokuwa tumemtumia, na mengi tuliyobadilisha kwenye apu yalianzia hapo. Tunataka kukueleza arifa inafikaje kwenye simu yako, kwa nini sasa tunaomba ruhusa kwa wakati tofauti na zamani, na unachoweza kuzima bila kupoteza mlio wa pesa yako.

Kwanza tutofautishe arifa na meseji, maana wengi wetu tunaziita zote "meseji". Meseji ya kawaida inapita kwenye mtandao wa simu kama vile simu ya kupiga. Haihitaji bando, na hata mulika mwizi inaipokea. Inaenda kwa nambari iliyosajiliwa. Kwa huyu mama wa Mumbuni, nambari iliyosajiliwa na tili ilikuwa kwenye simu ndogo inayobaki nyumbani, kwa hivyo meseji za uthibitisho zilikuwa zinafika vizuri kabisa, lakini zinafika jikoni. Pale dukani alikuwa anategemea apu peke yake.

Arifa ni ile inayoteremka juu ya skrini ikiwa na jina la apu. Yenyewe inapita kwenye intaneti, na haitoki kwetu moja kwa moja hadi kwako. Mteja akilipa 2,140 kwenye tili yako, kwanza seva yetu inaandika hayo malipo kwenye hesabu yako. Hapo pesa tayari ni yako, simu ilie isilie. Kisha seva inatafuta tokeni ya simu yako. Tokeni ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao apu ilipewa ulipoiweka kwenye simu, kama anwani ya sanduku la posta la hiyo apu kwenye hiyo simu. Tunachukua ujumbe na tokeni tunampa Google, ambaye huduma yake inaitwa Firebase Cloud Messaging. Kama unatumia iPhone, tunampa Apple.

Simu yako ya Android huwa inaweka laini moja wazi kwenda kwa Google, na apu zote zinatumia hiyo hiyo laini. Ingekuwa kila apu inaweka yake, betri isingefika saa sita mchana. Google anapitisha ujumbe kwenye hiyo laini, simu inaupokea, inaangalia kama apu yetu ina ruhusa ya kuonyesha kitu, halafu inaangalia kama ujumbe wa aina hiyo unaruhusiwa kulia. Vyote vikiwa sawa unasikia mlio. Data ikiwa imewashwa na mtandao ni mzuri, safari nzima kwa kawaida inachukua sekunde chache.

Ujumbe wenyewe ni mdogo sana. Google hakubali uzidi baiti 4,096, yaani kama ukurasa mmoja tu wa maandishi. Tunataja hili kwa sababu wenye maduka wengi huzima data mchana wakiogopa arifa zitamaliza bando. Kinachomaliza bando ni video zinazojicheza zenyewe na apu zinazojisasisha. Ukizima data, Google anaushikilia ujumbe wetu, na asipopewa muda mwingine anaweza kuushikilia hadi wiki nne. Ndiyo maana ukiwasha data saa mbili usiku simu inalia mfululizo kana kwamba wateja kumi wamelipa kwa pamoja. Hayo ni malipo ya mchana. Usiangalie saa ambayo arifa imeingia, angalia saa iliyoandikwa ndani yake.

Sasa turudi kwa ruhusa, maana hapo ndipo tuliharibu mara ya kwanza.

Zamani kwenye Android apu ilikuwa ikiwekwa tu, inaanza kutuma arifa bila kuuliza mtu. Android 13 ilipotoka mwaka 2022 mambo yakabadilika: apu lazima iombe. Unaona kidirisha kinachouliza kama unaruhusu apu ikutumie arifa, chenye Allow na Don't allow. Kwenye iPhone imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Sisi tukafanya kama apu nyingi zinavyofanya, tukakiweka hicho kidirisha mwanzo kabisa. Unafungua apu kwa mara ya kwanza, hujaandika hata nambari yako, hujaona inafanya nini, na swali la kwanza ni kama tukutumie arifa.

Mtu mwenye akili timamu atajibu nini? Anabonyeza Don't allow. Hata sisi tungebonyeza. Wengine hawasomi, wanataka tu hicho kitu kitoke mbele yao wafike kwenye usajili.

Tatizo ni kwamba hiyo nafasi haiko ya kuchezea. Kwenye Android ukibonyeza Don't allow mara mbili, mfumo wenyewe unafunga mlango. Apu ikijaribu kuomba tena, kidirisha hakitokei. Kwenye iPhone ni mara moja tu. Baada ya hapo njia iliyobaki ni wewe mwenyewe kuingia kwenye Settings, na ukweli ni kwamba watu wachache watafika huko. Kwa hivyo apu inayouliza siku ya kwanza kabla ya kufanya lolote inatumia nafasi yake yote kwa mtu ambaye bado hana sababu ya kukubali.

Siku hizi tunangoja. Kwa mwenye tili, tunangoja malipo ya kwanza yaingie. Ukifungua apu baada ya hayo malipo, tunakuonyesha ukurasa wetu wenyewe, sio kile kidirisha cha Android. Unasema: "Umepokea shilingi 300 saa nne na dakika kumi. Ungependa simu ilie pesa ikiingia?" Chini kuna vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Ukibonyeza Ndiyo, hapo ndipo tunaita kidirisha cha Android, na wakati huo unajua unaruhusu nini. Ukibonyeza Baadaye, hatukiiti. Ile nafasi ya Android inabaki salama, na hatutakuuliza tena mpaka uingie mwenyewe kwenye ukurasa wa malipo. Kwa mteja ambaye hana tili, anayetuma tu pesa nyumbani, tunangoja hadi mara ya kwanza atakapotumiwa pesa. Kama hajawahi kupokea chochote, hatuna sababu ya kumwomba.

Kuna watu kwenye kikosi chetu waliopinga hii. Walisema tukingoja, wengine watakaa wiki nzima bila kuulizwa, na wiki hiyo tutakuwa kimya. Ni kweli. Lakini ukimya wa wiki moja unarekebishika, na mlango uliofungwa na mtu aliyekasirika haufunguki kirahisi.

Kosa la pili ndilo lililomfikisha mama wa Mumbuni kuzima. Yeye alikuwa ameturuhusu tangu mwanzo. Tulipopitia siku moja tu, Jumamosi ambayo alizima, tulikuta tumemtumia arifa 11. Nne zilikuwa za malipo. Zile saba zilikuwa zetu: bonasi ya kununua muda wa maongezi asubuhi, mkopo saa tatu, mkopo tena saa saba, kumbusho la kujaza wasifu, salamu za wikendi, shindano, na moja iliyosema "Tumekukosa!" kwa mtu ambaye alikuwa amefungua apu saa mbili zilizopita. Kila moja ililetwa na watu tofauti wa ofisi, na kila mmoja alidhani ametuma moja tu. Hakuna aliyekuwa anajumlisha. Lakini huyu mama kila simu ikilia anaacha kupima mchele, anafuta mikono, anaangalia kama ni pesa. Mara saba haikuwa pesa.

Juu ya hayo, zote 11 zilikuwa zinalia mlio mmoja, kwa sababu tulikuwa tumeziweka kwenye kikundi kimoja. Hapa inabidi tueleze kidogo. Tangu Android 8, iliyotoka mwaka 2017, apu inatakiwa kugawa arifa zake kwenye vikundi, na mtumiaji anaweza kuzima kikundi kimoja akaacha kingine. Sisi tulikuwa na kikundi kimoja kilichoitwa General. Kwa hivyo mama alipobonyeza ile arifa ya shindano akaishikilia, akatafuta pa kuzima, hakukuwa na swichi ya matangazo peke yake. Kulikuwa na swichi moja, na ilikuwa na pesa zake ndani. Alichagua sahihi kwa kile tulichompa. Wiki tatu baadaye akaja yule mtu wa mchele.

Tungetaka kusema kwamba tulirekebisha kutoka ofisini jioni hiyo hiyo, lakini haiwezekani, na ni vizuri kwamba haiwezekani. Ukishazima arifa za apu, seva yetu haina kitufe cha kuziwasha. Hata kikundi kimoja ukikinyamazisha, apu haiwezi kukirudishia sauti, ni wewe tu unaweza. Kuna apu zinazojaribu ujanja wa kufuta kikundi ulichozima na kuunda kingine chenye jina jipya. Android inalijua hilo. Ukiingia kwenye mipangilio ya arifa za apu kama hiyo, utaona imeandikwa idadi ya vikundi vilivyofutwa. Ukikuta idadi kubwa hapo, jua hiyo apu imekuwa ikikuzunguka.

Tulichoweza kufanya ni kugawa vikundi kwa wateja wanaokuja na wale ambao hawajazima. Sasa ni vitatu. Malipo inalia. Usalama, kama vile mtu akiingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine, inalia pia. Matangazo inakuja kimya, bila mlio wala mtetemo, na tumejiwekea kikomo cha moja kwa wiki kwa ofisi yote, sio kwa kila idara. Pia tangazo ambalo simu yako haijalipokea ndani ya saa sita tunamwambia Google alitupe, ili ukiwasha data usiku usipate mkopo wa asubuhi ukiwa umerundikana juu ya malipo yako. Na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa kutangaziwa biashara, kwa hivyo ukizima Matangazo hatutakuja kukubembeleza.

Hebu sasa uangalie simu yako. Ingia Settings, kisha Apps, tafuta apu yetu, bonyeza Notifications. Majina yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na simu. Swichi ya juu kabisa ndiyo ya apu nzima, na ikiwa imezimwa, zilizo chini yake hazina maana. Iwashe, halafu zima Matangazo ukitaka. Kisha jitumie shilingi kumi kwenye tili yako kutoka laini nyingine na usikilize.

Kama swichi zote zimewashwa na simu bado hailii, kwa kawaida ni betri. Simu ikikaa tu kwenye kaunta, skrini imezimwa na haiko kwa chaji, Android inaingia usingizini na kuchelewesha mambo yasiyo ya haraka. Arifa za malipo tunazitia alama ya haraka ili ziamshe simu, lakini simu nyingine zina ukali wa ziada. Ile tabia ya kufungua orodha ya apu na kuzifuta zote kwa kidole, au kubonyeza kitufe cha kusafisha simu, kwa baadhi ya simu inasimamisha apu kabisa. Apu iliyosimamishwa hivyo haipokei chochote mpaka uifungue tena kwa mkono. Dalili yake ni rahisi kutambua: arifa hazifiki mchana kutwa, halafu unafungua apu, na kuanzia hapo zinafika vizuri hadi utakaposafisha tena. Dawa ni kuacha kuifuta, na kwenye ukurasa ule ule wa apu kubonyeza Battery na kuchagua Unrestricted.

Wapo ambao hawakuzima, waliifuta apu yenyewe. Hao hatuwasikii wakiondoka. Tunajua tu siku tunapojaribu kutuma arifa tena, Google anapoturudishia jibu UNREGISTERED, yaani hiyo tokeni imekufa. Haisemi sababu. Inaweza kuwa simu ilijaa, inaweza kuwa simu imeibwa, inaweza kuwa ni ile "Tumekukosa!" yetu. Kama ni wewe, jua kwamba kufuta apu hakugusi pesa yako, kwa sababu pesa haikai kwenye simu. Ukiiweka tena unapata tokeni mpya na swali la ruhusa linaanza upya.

Lakini ukiuza simu au kumpa mtoto, toka kwenye akaunti kwanza kwa kubonyeza Ondoka ndani ya apu. Usipotoka, ile tokeni bado ina jina lako, na aliyenunua simu ataendelea kuona tili yako ikiingiza kiasi gani kila siku. Imetokea.

Na yule mtu wa mchele? Arifa ingemzuia, maana mama angesikia kimya akauliza. Lakini hata arifa sio risiti. Inaweza kuchelewa, na mtu anaweza kutengeneza picha inayofanana nayo. Kinachoamua ni orodha ya malipo ndani ya apu yako, kwenye simu yako. Mteja akikuonyesha skrini yake, mwambie kwa upole, "Ngoja nione ikiingia," uvute orodha chini isasishe. Aliyelipa kweli hasumbuki na sekunde kumi. Na arifa yoyote inayokuomba PIN sio yetu.

Shilingi 2,140 hazikurudi. Mama aliripoti, akapewa nambari ya ripoti, na mpaka tunaandika haya yule mtu hajapatikana. Kabla hatujaondoka dukani aliturudishia ruhusa yeye mwenyewe, tukajitumia shilingi kumi kwenye tili yake, simu ikalia juu ya gunia la sukari. Akaangalia, akaingia tena kwenye mipangilio, akazima Matangazo mbele yetu.

"Hii ibaki hivyo," akasema. Imebaki hivyo.